Jumla zimelingana, miamala haijalingana: kusuluhisha malipo ya mtandaoni na oda za duka kila siku

Chukua karatasi mbili za siku moja kutoka duka la nguo la Darajani, Unguja, linalouza kanzu, kofia na mabaibui kwa njia ya mtandao na kupeleka mizigo hadi Pemba. Karatasi ya kwanza imetoka kwenye mfumo wa oda wa duka lenyewe. Ya pili ni ripoti ya lango la malipo, yaani ile kampuni ya katikati inayopokea pesa za wateja kutoka mitandao ya simu na kadi za benki, kisha ikazikabidhi kwa duka. Kila karatasi ina mistari saba, na kila moja ina jumla ya shilingi 327,000. Mtu mwenye haraka ataziona jumla mbili zinafanana, atatia tiki na kufunga siku.

Ukizipitia mstari kwa mstari, utakuta ni malipo manne tu yaliyomo kwenye karatasi zote mbili. Mistari mitatu ya duka haina mwenzake upande wa lango, na mitatu ya lango haina mwenzake upande wa duka. Ndani ya mistari hiyo kuna mteja aliyelipa na duka halijui kama kalipa, kuna aliyelipa mara mbili, na kuna mzigo uliokwisha fungwa kwa ajili ya boti ya Pemba ilhali hakuna anayejua pesa zake ziko wapi. Jumla zimelingana kwa sababu pungufu ya upande mmoja imefidiwa na pungufu ya upande wa pili.

Duka hili ni la mfano, na tarakimu nimezipanga makusudi ili jumla ziangukie sawa. Makosa yenyewe, hata hivyo, ni yale yale yanayojirudia popote panapouzwa kitu kwa mtandao. Tuseme ni Jumanne ya tarehe 10 Machi 2026, Ramadhani, wakati watu wanaagiza nguo za Idi:

```
DUKA                        LANGO
DJ-4101  TX881  35,000      DJ-4102  TX902  48,000
DJ-4102  TX902  48,000      DJ-4103  TX905  60,000
DJ-4103  TX905  60,000      DJ-4104  TX907  38,000
DJ-4104  TX907  38,000      DJ-4105  TX910  48,000
DJ-4104  TX907  38,000      DJ-4105  TX911  48,000
DJ-4105  TX911  48,000      DJ-4106  TX915  60,000
DJ-4107  CI77K  60,000      DJ-4108  TX920  25,000
```

Safu ya kwanza ni namba ya oda, ambayo duka ndilo linaloitoa. Ya pili ni namba ya muamala, ambayo lango ndilo linaloitoa kila mteja anapolipa. Hizi ni namba mbili zenye kazi mbili, na sehemu kubwa ya usuluhishi wa hesabu ni kujua wakati gani utumie ipi. Oda moja inaweza kuwa na miamala kadhaa, kwa sababu mteja huweza kujaribu, akashindwa, akajaribu tena. Muamala mmoja, kinyume chake, hutakiwa kuonekana mara moja tu kila upande. Kwa hiyo mistari hulinganishwa kwa namba ya muamala, na namba ya oda hutumika baadaye kuuliza swali la pili: je, oda hii imelipwa mara ngapi?

Siku ya nani?

Tuanze na mistari inayosumbua kwa sababu ndogo kabisa, nayo ni saa. DJ-4101 imo kwenye karatasi ya duka na haimo kwenye ya lango. DJ-4108 ni kinyume chake. Wala moja haina kosa.

Malango mengi hufunga siku yao kwa saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Usiku wa manane wa UTC hapa kwetu ni saa tisa usiku. Mteja wa DJ-4101 alilipa saa sita na dakika arobaini usiku, siku yetu ya tarehe 10 ikiwa imeanza tu, lakini kwa lango ilikuwa bado tarehe 9. Malipo yake yamo kwenye ripoti ya jana. Mteja wa DJ-4108 alilipa saa saba na dakika ishirini usiku uliofuata. Kwetu hiyo ni tarehe 11, kwa lango bado ni tarehe 10. Mwezi mwingine wowote kishimo hiki cha saa tatu huwa na oda moja au mbili ndani yake, na watu huzoea kuziruka kwa jicho. Ramadhani mambo hubadilika. Baada ya tarawehe hadi daku ndipo watu wanapokaa na simu zao, na kishimo hicho kinaweza kubeba sehemu kubwa ya mauzo ya siku.

Na kuna saa ya tatu, ya mteja mwenyewe. Mtu wa Wete akikwambia kwa simu kwamba alilipa "usiku wa Jumatano", yumkini anakusudia usiku baada ya magharibi ya Jumanne, kwa hesabu yetu ya kuanza siku. Ukiingia kutafuta Jumatano usiku kwenye mfumo hutoona kitu, na utamjibu vibaya mtu mwenye haki yake. Muulize tarehe na saa zilizoandikwa kwenye meseji ya malipo, usimuulize siku.

Dawa ya saa ni kuacha kabisa kuifanya tarehe iwe sharti la kulinganisha. Wengi huchuja kwanza mistari ya tarehe 10 pande zote mbili, kisha ndiyo wakalinganisha, na hapo ndipo uongo unapoingia. Vuta mistari ya siku tatu au nne kila upande, linganisha kwa namba ya muamala peke yake, halafu tarehe iwe ni maelezo tu pembeni. TX881 itakutana na mwenzake wa ripoti ya jana, na TX920 itakutana na mwenzake wa karatasi ya duka ya kesho. Kama unasuluhisha asubuhi mapema, TX920 huenda ikabaki peke yake kwa saa chache. Iandike kwamba inasubiri, usiiandike kwamba imepotea.

Kuzitafuta zisizo na mwenzake

Mistari ya pande mbili ikishaingizwa kwenye hifadhidata, tuseme jedwali `malipo` kwa duka na jedwali `lango` kwa ripoti, swali la kwanza ni jepesi: kipi lango linacho na sisi hatuna?

```sql
SELECT l.oda_id, l.txn_id, l.kiasi
FROM lango l
WHERE l.hali = 'SUCCESS'
  AND NOT EXISTS (
    SELECT 1 FROM malipo m
    WHERE m.txn_id = l.txn_id);
```

Ukigeuza majedwali, na kulitoa sharti la `hali` lililo la lango tu, unapata kinyume chake: kipi duka linacho na lango halina. Naipenda njia hii ya `NOT EXISTS` kuliko `JOIN` kwa sababu moja mahususi. Ukiunganisha majedwali kwa `JOIN` na muamala mmoja umeandikwa mara mbili upande mmoja, matokeo nayo yanazaa: TX907 itatoka mistari miwili, na kama imerudiwa pande zote mbili itatoka minne. Jumla yako itapanda bila ya pesa yoyote kuingia. `NOT EXISTS` huuliza tu kama mwenzake yupo au hayupo, haizidishi kitu.

Kwa siku yetu, baada ya kuondoa TX881 na TX920 zilizopata wenzao siku za jirani, swali la kwanza linatoa TX910 na TX915. La pili linatoa CI77K. Angalia kisichotoka: mstari wa pili wa DJ-4104. Umerudiwa, lakini kwa kuwa TX907 kweli imo kwenye ripoti ya lango, kila nakala yake inaonekana ina mwenzake. Muamala uliorudiwa hujificha ndani ya waliolingana. Ndiyo maana orodha ya zilizorudiwa lazima iwe na swali lake peke yake, haiwezi kuchipuka kutoka kwenye orodha ya zisizolingana.

Kurudiwa kwa namna mbili

Hapa ndipo panapotaka utulivu zaidi, kwa sababu mambo mawili tofauti kabisa huitwa kwa jina moja, na tiba ya moja ni madhara kwa nyingine.

DJ-4104 ina mistari miwili yenye namba moja ya muamala, TX907. Mteja alilipa mara moja. Pesa iliingia mara moja. Kilichorudiwa ni maandishi ya duka tu. Sababu yake ya kawaida iko kwenye ujumbe ambao seva ya lango huutuma kwa seva ya duka kusema "oda hii imelipwa". Lango hutuma ujumbe huo na kungoja jibu. Jibu likichelewa kwa sababu seva ya duka imelemewa au mtandao unasuasua, lango huchukulia ujumbe haukufika na kuutuma tena. Limejengwa makusudi lifanye hivyo, maana ujumbe uliofika mara mbili ni afadhali kuliko ambao haukufika. Ni juu ya duka kuutambua ujumbe wa pili kwamba ni ule ule. Mfumo wa duka letu haukuutambua, ukaandika mstari mwingine.

DJ-4105 ni habari nyingine. Kule kuna TX910 na TX911, namba mbili za muamala kwa oda moja. Mteja ametoa pesa mara mbili kweli. Alibonyeza kulipa, simu ikaleta kisanduku cha kuweka namba ya siri, akaiweka, kisha ukurasa wa duka ukabaki unazunguka. Dakika mbili, tatu, hakuna kitu. Akarudi akabonyeza tena, akaweka namba ya siri tena, na safari hii duka likamwambia asante. Ujumbe wa TX910 haukuwahi kulifikia duka, wa TX911 ulifika. Mfumo wa duka unaiona oda ikiwa imelipwa mara moja na umetulia. Lango pekee ndilo linalojua kwamba shilingi 48,000 zimekatwa mara mbili.

Kwa hiyo maswali ni mawili, na kila moja linaulizwa kwenye jedwali lake:

```sql
-- Maandishi yaliyorudiwa
SELECT txn_id, COUNT(*) FROM malipo
GROUP BY txn_id HAVING COUNT(*) > 1;

-- Mteja aliyelipa zaidi ya mara moja
SELECT oda_id, COUNT(DISTINCT txn_id) FROM lango
WHERE hali = 'SUCCESS'
GROUP BY oda_id HAVING COUNT(DISTINCT txn_id) > 1;
```

Swali la pili nalo liulizwe kwenye mistari ya siku kadhaa, si ya siku moja. Mtu aliyelipa saa tisa kasoro dakika tano usiku na kurudia saa tisa na dakika tano atakuwa kwenye ripoti mbili tofauti, na hakuna ripoti hata moja itakayomwonyesha kuwa amelipa mara mbili.

Sasa tazama hatari iliyopo. Karani aliyeona TX910 kwenye orodha ya zisizolingana, ikiwa pamoja na TX915, atadhani zote ni za aina moja: pesa zimeingia, duka halijui, basi tuiandike imelipwa. Kwa TX915 hivyo ndivyo. Oda yake, DJ-4106, bado inasubiri malipo, na mteja anangoja nguo. Kwa TX910, oda ilikwisha lipwa kwa TX911. Ukiiandika tena, mifumo mingine itafungua mzigo wa pili. Kabla ya kugusa mstari wowote wa lango usio na mwenzake, fungua oda yake kwanza uone hali yake.

Kosa jingine, na hili nimeliona kwa watu wazoefu, ni kutafuta zilizorudiwa kwa kuangalia namba ya simu, kiasi na siku. Mama mwenye watoto wawili wa kiume ananunua kanzu moja asubuhi na nyingine ya bei ile ile jioni, baada ya yule wa pili kulia. Simu ile ile, kiasi kile kile, siku ile ile, oda mbili halali. Ukimrudishia pesa kwa kudhani kalipa mara mbili, duka limetoa kanzu bure. Kinyume chake, mtu anaweza kulipa mara ya kwanza kwa simu yake na mara ya pili kwa simu ya mumewe, na kwa kipimo hicho hutomwona kabisa. Namba ya oda ndiyo inayosema kweli.

Mara nyingi mteja mwenyewe hupiga simu kabla hujafika kwenye mstari wake. Mazungumzo yanakuwa hivi:

"Mwanangu, mie nimekatwa mara mbili, na nguo hata moja sijaiona."

"Samahani sana mama. Nisomee namba iliyo mwanzo wa meseji ya kwanza, halafu ya meseji ya pili."

Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi. Namba zikiwa mbili tofauti, kweli katoa mara mbili. Zikiwa moja, ameletewa meseji ile ile mara mbili, na hilo hutokea. Kumbuka tu kwamba namba ya meseji hutolewa na mtandao wa simu, si lango, kwa hiyo kwenye ripoti ya lango utaitafuta kwenye safu yake ya pembeni, kama lango lako linaitoa. Kama haitoi, omba watoe. Bila ya safu hiyo huwezi kumjibu mteja anayekusomea meseji.

Eksel na namba ndefu

Maduka mengi yanaanza kazi hii kwenye Excel, na kwa mistari mia mbili kwa siku hakuna ubaya. Ubaya uko kwenye namba za muamala zenye tarakimu nyingi. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba. Ripoti ya lango ya CSV ukiifungua kwa kubonyeza mara mbili, namba ya tarakimu 18 itageuzwa kuwa kitu kama `2.60310E+17`, na hata ukiipanua safu, tarakimu za mwisho zimekwisha kuwa sifuri. Miamala kumi ya saa moja inaweza kugeuka namba moja. Njia sahihi ni kuiingiza faili kupitia `Data > From Text/CSV` na kuiambia safu hiyo ni maandishi.

Wengi huishia hapo, lakini pana mtego wa pili. Hata namba zikiwa zimehifadhiwa kama maandishi, `COUNTIF` huzisoma kama tarakimu zinapofanana na tarakimu, na hulinganisha 15 za mwanzo tu. Miamala miwili tofauti inayotofautiana mwishoni itahesabiwa kuwa imerudiwa. Unaweza kuwa na orodha ndefu ya zilizorudiwa na zote zikawa za uongo. Tumia hii badala yake:

```
=SUMPRODUCT(--($B$2:$B$500=B2))
```

Hiyo hulinganisha maandishi yote mpaka herufi ya mwisho. Ikitoa 2, kweli zipo mbili.

Kuifunga mistari

Tumebaki na mistari minne yenye jambo, na kila mmoja unafungwa kwa njia yake.

Mstari wa ziada wa DJ-4104 unaondolewa kwenye vitabu vya duka, na kuachiwa alama inayosema nani aliuondoa na kwa nini. Mteja hapigiwi simu, pesa hazirudishwi, kwa sababu hakuna pesa iliyozidi. Kisha jedwali linafungwa lisikubali tena namba ya muamala iliyokwisha kuwamo:

```sql
ALTER TABLE malipo ADD CONSTRAINT txn_moja UNIQUE (txn_id);
```

Baada ya hapo ujumbe uliorudiwa utakataliwa na hifadhidata yenyewe. Ila mfumo ujifunze kulijibu lango kwamba ujumbe umepokelewa hata pale mstari ulipokuwamo tayari. Ukijibu kwa kosa, lango litaendelea kuutuma.

DJ-4106 inahitaji hatua moja kabla ya kuandikwa imelipwa: kuliuliza lango hali ya TX915 moja kwa moja, si kuitegemea ripoti iliyotoka jana. Ikithibitika, angalia kama bidhaa bado ipo. Mifumo mingi huiachia bidhaa baada ya muda fulani bila malipo, na kanzu ile huenda imekwisha uzwa kwa mwingine. Hapo mteja anaulizwa anataka nyingine au pesa zake. Duka lisimchagulie.

DJ-4107 ndiyo inayotaka ujasiri wa kusema ngoja. Namba yake, CI77K, haifanani na namba za lango. Karani aliiandika kwa mkono baada ya mteja kumtumia picha ya meseji. Kuna mambo mawili yanayowezekana. Huenda mteja alilipa kwa Lipa Namba iliyobandikwa ukutani dukani, na pesa ziko salama kwenye akaunti nyingine ambayo lango haliijui. Au picha ile si ya kweli. Tofauti yake inaonekana kwenye taarifa ya Lipa Namba ya siku hiyo, na kuitazama ni kazi ya dakika chache. Ikiwamo, mstari unahamishiwa kwenye hesabu ya njia hiyo. Isipokuwamo, mzigo usipande boti. Ukishashuka Mkoani umeshatoka mikononi mwako.

DJ-4105 ni ya kurudisha. Irudishwe TX910, ile isiyoshikamana na oda, na irudishwe kupitia lango kwa namba yake ya muamala. Najua vishawishi vyake: mteja analalamika, ni mtu wa nyumbani, shilingi 48,000 zipo kwenye simu ya bosi, mtumie yaishe. Ukifanya hivyo, lango litaendelea kuonyesha oda moja yenye malipo mawili, na simu ya bosi itakuwa na pesa iliyotoka bila ya maelezo. Aliyelipa kwa kadi anaweza pia kuwa amekwisha kulalamika benki yake, na benki ikamrudishia wiki kadhaa baadaye kwa kukata kwenye fedha za duka. Hapo umelipa mara mbili wewe.

Pesa inayofika benki

Kuna karatasi ya tatu ambayo sijaigusa bado, taarifa ya benki. Hii haiwezi kulinganishwa na oda hata kidogo, na mtu anayejaribu atapoteza siku nzima. Lango halikabidhi malipo moja moja, hukusanya ya siku na kukabidhi furushi moja, likiwa limekata chake. Tukichukua ada ya asilimia 3 kwa hesabu nyepesi, 327,000 hukatwa 9,810. Kama siku hiyo pia kulikuwa na mteja wa wiki iliyopita aliyerudishiwa 40,000, nazo hukatwa humo humo. Akaunti ya duka, iwe PBZ au benki nyingine, itaonyesha mstari mmoja wa 277,190, na hakuna oda yoyote duniani yenye kiasi hicho.

Kwa hiyo usuluhishi una ngazi mbili. Oda hulinganishwa na miamala ya lango, kama tulivyofanya. Kisha furushi la lango, kwa namba yake ya furushi na kiasi kilichobaki baada ya makato, hulinganishwa na mstari wa benki. Ngazi ya pili huchelewa, kwa sababu mafurushi hufika benki baada ya siku moja au mbili za kazi. Mauzo ya Ijumaa yanaweza kuonekana Jumanne, na sikukuu kama ya Mapinduzi, 12 Januari, husogeza mbele zaidi. Furushi likikawia ndani ya siku hizo, linasubiri. Likipitiliza, andikia lango ukiwa na namba ya furushi mkononi. Na kagua ada: baadhi ya malango hairudishi ada pale pesa za mteja zinaporudishwa, mengine hurudisha. Mkataba ndio unaosema, na tofauti ya shilingi mia kadhaa kila siku kwa kawaida inatoka hapo.

Orodha yenyewe ya kila siku haihitaji mapambo. Namba ya oda, namba ya muamala, kiasi, iko upande gani, sababu, jina la aliyeishika, na tarehe ilipoonekana mara ya kwanza. Safu hiyo ya mwisho isiachwe, kwa sababu ndiyo inayotenganisha mstari wa jana unaongoja saa tisa ya usiku na mstari wa wiki mbili ambao kila mtu amezoea kuuona. Uhakika wa kwamba orodha imekamilika unapatikana kwa kujumlisha: zilizolingana ni 194,000, na zilizobaki kila upande lazima zifike 133,000 kamili. Upande wa duka ni 35,000, 38,000 na 60,000. Upande wa lango ni 48,000, 60,000 na 25,000. Ikipungua hata shilingi moja, kuna mstari haujaandikwa.

Na mstari haufungwi kwa ahadi. DJ-4105 haifutwi kwenye orodha siku karani alipobonyeza kurudisha pesa, kwa sababu rejesho nalo linaweza kukwama njiani. Inabaki pale, ikibebwa kutoka orodha ya leo hadi ya kesho, mpaka makato ya 48,000 yenye namba TX910 yaonekane ndani ya furushi la lango, na furushi hilo lenyewe lionekane benki likiwa pungufu kwa kiasi hicho.